Namna ninavyokubaliana viashiria na malengo na mteja kabla ya uzinduzi

*"Wakuu, nina mteja anayetaka tovuti mpya pamoja na kampeni ya matangazo. Wateja waliopita, kila mwisho wa mwezi tuliishia kubishana kama kazi imefanikiwa au la. Mnawekaje viashiria na malengo kabla ya kuzindua, ili ripoti isilete mgogoro?"*

Mkuu, kabla hujagusa lengo, tafuta namba ya kuanzia. Mabishano mengi ya mwisho wa mwezi huwa ni kwamba mteja ana picha yake kichwani ya hali ilivyokuwa zamani, wewe una yako, na hakuna iliyoandikwa popote. Nitakueleza kwa kazi moja niliyofanya, maana ndiyo iliyonipa utaratibu ninaoutumia hadi leo.

Mteja alikuwa kampuni ya kozi fupi za waajiriwa. Mkurugenzi alitaka "wateja mara mbili ndani ya miezi mitatu". Nilimuuliza mteja kwake ni nani: aliyejaza fomu, aliyepiga simu, au aliyelipa? Akasema aliyelipa ada ya kozi. Ofisa mauzo wake, tukiwa chumba kimoja, akasema yeye kwenye taarifa zake huhesabu kila aliyejaza fomu. Kumbe ndani ya kampuni moja kulikuwa na vipimo viwili vinavyoitwa jina moja, na hakuna ripoti ambayo ingewaridhisha wote wawili.

Tukafungua takwimu zao. Tovuti ya zamani ilikuwa na Google Analytics 4, na tukio lililohesabiwa kama ulizo lilikuwa `form_submit`. Hilo hurekodiwa lenyewe kila fomu inapotumwa, fomu yoyote ile. Kwa hiyo waliojiandikisha kupokea jarida la barua pepe, waliotafuta ajira na matangazo taka vyote viliingia kwenye kapu moja. Mfumo ulionyesha maulizo 60 hivi kwa mwezi. Tulipopitia barua pepe zenyewe moja moja, maulizo halali ya kozi yalikuwa kama 40, na waliolipa walikuwa 12.

Hebu fikiria ningezindua tovuti mpya yenye tukio safi la `generate_lead` linalorekodi maombi ya kozi peke yake, halafu mwezi wa kwanza nilete 50. Ukilinganisha na 60 za zamani, tumeshuka. Ukilinganisha na 40 halali, tumepanda kwa robo. Kazi ni ileile. Ndiyo maana sikuhizi kipimo kipya nakiweka kwenye tovuti ya *zamani* wiki sita hadi nane kabla ya uzinduzi. Inachosha, na mteja atakuuliza kwa nini unahangaika na tovuti inayokwenda kufa, lakini hakuna njia nyingine ya kupata namba mbili zilizopimwa kwa rula moja.

Hapo hapo angalia kidirisha cha kuomba ridhaa ya vidakuzi. Kama tovuti ya zamani haikuwa nacho na mpya itakuwa nacho, wageni watakaohesabiwa watapungua siku hiyohiyo kwa sababu wanaokataa hawarekodiwi kama zamani. Maulizo kwenye daftari la mauzo hayatapungua, kwa hiyo asilimia ya wageni wanaouliza itaruka juu bila mtu yeyote kufanya kazi ya ziada. Kiweke kwenye tovuti ya zamani mapema. Na kwenye Google Analytics 4 badilisha muda wa kuhifadhi data kutoka miezi 2 ya kawaida kwenda 14, la sivyo ukitaka kuchambua kwa kina kwenye `Explorations` baada ya robo mwaka, utakuta data ya kabla ya uzinduzi imeshafutwa.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye lengo, na tulilihesabu kwa kurudi nyuma. Waliolipa 12 kati ya maulizo 40 ni asilimia 30. Maulizo 40 kati ya wageni 2,000 wa mwezi ni asilimia 2. Akitaka waliolipa 24, na watu wake wa mauzo wakiendelea kufunga asilimia 30, anahitaji maulizo halali 80. Kwa asilimia 2 hiyo ni wageni 4,000. Tovuti mpya ikipandisha kiwango hadi asilimia 3, wageni 2,700 hivi wanatosha. Mkurugenzi alipoona mnyororo huo akaelewa mwenyewe kwamba bajeti ya matangazo aliyoitenga haiwezi kufikisha namba hiyo mwezi wa kwanza, hasa kwa kuwa matangazo mapya yanahitaji muda wa kujifunza kabla gharama hazijatulia. Tukakubaliana ngazi: maulizo 50 mwezi wa kwanza, 65 wa pili, 80 wa tatu.

Mnyororo huo pia unakusaidia kugawa majukumu. Mimi nilibeba idadi ya maulizo halali na gharama ya kila ulizo. Asilimia ya wanaolipa sikuibeba, kwa sababu simu hazipigwi na mimi. Badala yake mteja alibeba kiashiria chake: kila ulizo lijibiwe ndani ya saa nne za kazi. Wateja wengi hawajazoea kuona jina lao kwenye jedwali la viashiria, na wengine watasita. Mimi hapo silegezi, kwa kuwa bila safu hiyo udhaifu wa mauzo utasomwa kama udhaifu wa kampeni.

Sasa jambo ambalo naona watu wengi wanaliruka. Namba ndogo zinayumba zenyewe. Kanuni ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi unayoitarajia. Kipeuo cha pili cha 40 ni kama 6, na ukikizidisha mara mbili unapata 12 au 13. Maana yake, bila chochote kubadilika, mwezi mmoja unaweza kuleta maulizo 28 na mwingine 52. Mteja akikuambia lengo ni kupanda asilimia 10 kwa mwezi, yaani kutoka 40 hadi 44, mwambie wazi kwamba ongezeko hilo halitaonekana ndani ya mwezi mmoja; mkilifikia au mkilikosa, ripoti haitakuwa na uwezo wa kusema ni kwa sababu ya kazi. Kwa jumla ya miezi mitatu hali ni nzuri zaidi: 120 kawaida itayumba kati ya 98 na 142, hivyo jumla ya 195 tuliyoilenga ilikuwa nje kabisa ya kuyumba huko. Tuliandika kwamba hukumu itatolewa kwa robo mwaka, na ripoti za mwezi ni za kufuatilia tu. Hiyo ni kuyumba kwa bahati peke yake. Kama biashara ina misimu, linganisha pia na miezi ileile ya mwaka uliopita.

Kuna pia pengo la muda. Kwenye kozi zile, mtu akiuliza leo alikuwa analipa baada ya wiki tatu hadi tano, kwani lazima apate kibali cha mwajiri wake. Kwa hiyo waliolipa tuliwahesabu chini ya mwezi *walioulizia*, na hesabu ya kila mwezi ilifungwa wiki sita baada ya mwezi kuisha. Bila hivyo, mwezi wa kwanza ungeonyesha matangazo yamekula pesa na hakuna aliyelipa.

Mwamuzi wa namba naye awe mmoja. Kwa kawaida Meta hujipa sifa kwa mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 au aliyeliona tu ndani ya siku 1, wakati Google Ads huhesabu hadi siku 30 baada ya kubofya. Mtu mmoja aliyepita kote kuwili anahesabiwa na wote wawili, na ukijumlisha utapata maulizo mengi kuliko watu waliouliza. Sisi mwamuzi alikuwa daftari la maulizo la mteja. Takwimu za matangazo tulizitumia kuchagua tangazo lipi liendelee, basi.

Mstari mmoja wa karatasi yetu ulisomeka hivi:

> Ulizo halali: mtu aliyeomba maelezo ya kozi tunayoitoa, kwa fomu au simu, akaacha namba inayopatikana. Mtu yuleyule ndani ya siku 30 ni ulizo moja. *Chanzo:* daftari la mauzo. *Anayehesabu:* ofisa mauzo, kila Ijumaa. Wakala anakagua sampuli ya kumi. *Kianzio:* 40 kwa mwezi. *Lengo:* 50, 65, 80. *Matangazo yakisimama:* sehemu ya lengo inayotokana na matangazo inapungua kulingana na siku yaliyosimama.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Mwezi wa pili mkufunzi wa kozi kuu aliondoka ghafla, mteja akasimamisha matangazo kwa nusu mwezi. Tulipata maulizo 49. Ukiyaweka mbele ya 65, ni kushindwa. Lakini kati ya hizo 65, 40 zilikuwa kianzio na 25 zilitarajiwa kutoka kwenye matangazo. Nusu ya 25 ikitoka, lengo linakuwa kama 53. Kipeuo cha pili cha 53 ni kama 7, kwa hiyo 49 ipo ndani ya kuyumba kwa kawaida. Mkurugenzi alipiga hesabu hiyo mwenyewe kikaoni, kwa kanuni aliyoisaini kabla hajajua ingemfaa nani. Ingekuwa tunaitunga siku ile, angeona najitetea, na angekuwa na haki ya kuona hivyo.

Mwezi wa tatu maulizo yalifika 78, ila asilimia ya waliolipa ilishuka. Safu ya muda wa kujibu ilionyesha wastani wa karibu siku mbili badala ya saa nne: mtu mmoja alikuwa anapokea maulizo mara mbili ya zamani. Kikao kikaenda moja kwa moja kwenye suala la kuongeza mtu wa simu.

Kama biashara ya mteja wako ni mpya na haina kianzio chochote, usikope namba ya wastani wa sekta kutoka mtandaoni. Hujui wenzio walihesabu nini. Andika kwamba wiki nane za kwanza ni za kupima, weka kikomo cha matumizi na gharama ya juu kabisa ya ulizo ambayo faida yake inaweza kuibeba, na tarehe ambayo mtakaa kuweka malengo. Na kama mteja anakataa kukuonyesha waliolipa, kubali kupimwa kwa maulizo halali peke yake, na uandike kwenye karatasi hiyohiyo kwamba ripoti haitazungumzia mauzo.