Kutangaza biashara mpya na kushukuru bila kuomba hongera

Tuchukue mfano wa dada anayefungua ofisi ya kushona sare za shule Morogoro. Tangazo lake la kwanza linasomeka hivi: "Bado siamini! Nani angedhani mimi, mtoto wa kijijini, leo ni mkurugenzi? Safari haikuwa rahisi. Asanteni wote mlioniamini."

Msomaji wa maneno hayo hana cha kujibu isipokuwa hongera. Hajui kinachouzwa, hajui ofisi iko wapi, na aliyesaidia kweli hajioni humo ndani. Kinachoharibu zaidi ni lile swali la "nani angedhani", maana linamdai msomaji sifa. Ukitaka kupima tangazo lako, jiulize kila sentensi inampa msomaji nini cha kufanya. Ikiwa ni kukupongeza tu, ifute.

Sasa liandikwe upya:

"Kuanzia Jumatatu nashona sare za shule za msingi na sekondari, nyuma ya stendi ya Msamvu. Sare moja inachukua siku nne. Ikifika Januari, wiki mbili. Namshukuru mwenye fremu aliyekubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita, ndiyo maana hela ya cherehani ya pili ikabaki. Namshukuru pia fundi aliyenifundisha kukata marinda bila kupoteza kitambaa. Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na moja jioni."

Kazi na mahali vimetangulia kwa sababu mitandao mingi huonyesha mistari michache tu, mengine yanajificha nyuma ya "ona zaidi". Kila shukrani ina mtu, alichofanya, na kilichotokea kwa sababu yake. Watu wawili au watatu wanatosha. Ukiorodhesha ishirini utaacha kueleza walichofanya, na wa ishirini na moja atanuna.

Majina hayamo, na ni kwa makusudi. Ukimtaja mwenye fremu, wapangaji wake wengine watakwenda kudai miezi mitatu hiyohiyo, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Aliyekukopesha usimtaje kabisa bila idhini yake, wala kiasi. Usiwatagi watu kwa wingi pia: kila mmoja anapata taarifa kwenye simu, na anajiona amelazimika kuandika pongezi. Hao wapigie au waandikie faragha siku moja kabla, wasikie kwako kabla ya umati.

Kwa ajira mpya mpangilio ni huohuo, ila subiri mkataba usainiwe na bosi wa zamani awe amepokea barua yako ya kuacha kazi. Shukrani kwa ofisi unayoiacha itaje ujuzi ulioupata pale, usigusie mshahara.

Maoni yakianza kuingia, jibu kwanza wanaouliza bei na vipimo. Wanaopongeza wanatosheka na "asante".