Mniulize mkono, si rafu

Swali la wiki: "Kuku wa kukaanga, sambusa au katlesi zikibaki usiku, ukazifunika vizuri kwenye bakuli na kuziweka kwenye rafu yenye ubaridi, asubuhi zinaliwa au zinamwagwa?"

Mimi ni mla viporo, nalisema mapema ili msidhani anayeandika hapa ni bwana afya. Nimelelewa Lushoto kwa bibi. Kuku wa sikukuu alilala kwenye rafu ya jikoni, sufuria imefunikwa sinia na juu ya sinia jiwe, kwa sababu ya paka. Asubuhi vipande vilirudi kwenye mafuta, tukanywea chai. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mwaga tu", damu inanichemka. Kuku wa kienyeji kwa bei hii anamwagwa vipi?

Lakini swali lenyewe naona limeuliza kuhusu rafu na kifuniko, na mimi nataka kuuliza kuhusu mkono. Sababu ni arobaini moja ya hapa Tanga.

Ilikuwa Februari, na mnajua Februari ya Tanga. Wanawake wa mtaa walikaanga kuku tangu alasiri. Vipande vizima vikaingia beseni kubwa na kufunikwa sinia. Sehemu nyingine ya kuku ikachambuliwa: nyama ikatolewa mifupani kwa vidole ingali na uvuguvugu, ili asubuhi ikaangwe na vitunguu, iliwe na chapati na wageni waliolala. Aliyechambua ni mama mmoja tunayemwita shangazi sote, mwepesi wa kazi kuliko vijana. Mchana ule kisu kilikuwa kimemkata kidole, akakifunga kitambaa akaendelea. Nani angemwambia shangazi akae pembeni?

Nyama iliyochambuliwa ikatiwa kwenye hotpoti, kifuniko kikakazwa. Ilikuwa saa tatu usiku. Hotpoti, beseni na ndoo ya mandazi vikapangwa kwenye rafu ya saruji ndani ya stoo, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani humo. Ukigusa saruji ile kwa kiganja ungesema ni friji.

Asubuhi nyama ikarudi karaini. Haikunuka, haikuteleza, rangi yake ilikuwa ileile. Ikapashwa mpaka ikakauka pembeni, na saa moja watu wakala wakasifu. Kabla ya saa nne kijana aliyekuwa anapanga viti alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Akafuata mwenzake, kisha wajomba wawili waliotoka Korogwe, na adhuhuri ilipofika foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya kunawa. Waliokunywa chai kwa mandazi hawakupata chochote. Waliokula vipande vizima walikuwa wazima karibu wote. Jioni wagonjwa walikuwa wameketi wakinywa uji, wamechoka tu.

Tabibu wa zahanati hakuuliza habari ya rafu. Aliuliza, "Hiyo nyama ilichambuliwa na nani?" Pakawa kimya, na shangazi akaangalia kidole chake.

Hakuna kipimo kilichofanywa, na simshitaki mtu. Ila kutapika ndani ya saa chache baada ya kula, bila homa ya kutajika, na kwisha ndani ya siku moja, ndivyo inavyojitokeza sumu ya vijidudu vya stafilokokasi. Hivi huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima kabisa, na kwenye kidonda hujaa. Mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 170 na zaidi, kwa hiyo kuku anapotoka karaini, ikiwa ameiva mpaka mfupani, vijidudu hivyo vimekwisha kufa. Vinaingia baadaye, kwa vidole. Vikishaingia kwenye nyama yenye majimaji na kukaa kwenye uvuguvugu vinazaana, na vikizaana vinatoa sumu. Kupasha tena kunaua vijidudu, lakini sumu yenyewe inastahimili hata kuchemshwa. Haina harufu wala ladha. Ndiyo maana sina imani na ile kauli ya "ukiipasha vizuri haina neno", ambayo hapa kwetu inasemwa kama aya.

Kisha hotpoti. Chombo hiki kimetengenezwa kutunza joto, na chakula cha moto kikifungiwa humo usiku kucha hushuka polepole, kikapita saa nyingi kwenye kiwango ambacho vijidudu vinakipenda. Kiwango chenyewe ni kati ya nyuzi 5 na 60. Rafu iwe ya saruji au ya marumaru, ndani ya hotpoti haina kazi. Hata bakuli la kawaida, ukilifunika kuku angali na mvuke, matone yanajikusanya chini ya kifuniko na kudondokea ganda lililokuwa kavu. Ganda kavu lilikuwa kinga kidogo, na sasa limelowa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutetea rafu ya bibi, na bado naona ilikuwa na nafuu yake. Usiku wa Julai kule Lushoto ni wa baridi ya kweli, vipande vilikuwa vizima, havikuchambuliwa, na vililala saa chache kwa sababu bibi aliamka kabla ya alfajiri. Tanga mwezi wa Februari, kinachoitwa ubaridi kwenye rafu ni nyuzi 24 hivi. Kiganja huona baridi kwa sababu chenyewe kina joto zaidi. Na hata Lushoto ile haikuwa chini ya nyuzi 5, ambako friji inatakiwa kuwa, kwa hiyo mambo yalikwenda polepole tu, hayakusimama. Wataalamu wa chakula husema saa mbili nje ya friji, na saa moja kukiwa na joto linalopita nyuzi 32. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi ni saa kumi.

Basi jibu langu, ambalo sikulitaka: kuku, sambusa ya nyama na katlesi vilivyolala kwenye rafu Pwani hii, msile, hata vikinukia. Katlesi ndiyo naiogopa zaidi, maana ni viazi vilivyopondwa, nyama na yai, vyote vimefinyangwa kwa mkono. Mandazi, visheti na kachiri siviweki kundi moja nayo, kwa kuwa ni vikavu au vimejaa sukari na havina nyama ndani, vile mnaweza kula asubuhi. Bajia ya kunde iko katikati, mimi ningeila jioni ileile nikamaliza.

Mwenye friji avitandaze kwenye sinia pana vipoe, kisha avitie humo kabla saa mbili hazijaisha. Asivirundike kwenye beseni moja, kwa sababu katikati hakupoi. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa nne. Asiye na friji agawe usiku huohuo, na majirani hawatamnung'unikia. Mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya chai.

Bibi angekuwepo angenibishia, na huenda kwa kipande kizima, usiku wa Julai, Lushoto, ningemsikiliza mimi mtu mzima. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee nisingempa hata huko. Na aliyekwisha kula akaanza kutapika apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogokidogo. Akiona damu, akipata homa, au asipoweza kushika hata maji, apelekwe zahanati bila kungoja jioni.