Mgao wa Desemba: nilipe deni au ninunue bili za hazina?

Mwezi wa Agosti nilikopa shilingi 3,000,000 kwa mkopeshaji mmoja hapa Busia, Uganda, ili nimalizie paa la nyumba kabla ya mvua. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, muda miezi 12, na rehani ilikuwa mkataba wangu wa kununua kiwanja, wenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ilipofika katikati ya Desemba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilivunja sanduku, nami nikapata mgao wa shilingi 2,300,000. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kulipa awamu nne. Niliazimia kuzipeleka fedha hizo zote katika bili za hazina, zile hati ambazo serikali huuza kwa mnada ili kukopa kwa muda mfupi, maana nilisikia kwamba mtu wa kawaida anaweza kuzinunua kupitia benki yake kuanzia shilingi 100,000, na deni liendelee kukatwa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara.

Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa rahisi, na ilikuwa na kosa. Niliona kwamba deni ni asilimia 3 na bili ni kama asilimia 15, nikasahau kwamba ile ya kwanza ni ya mwezi na ya pili ni ya mwaka. Aliyenizindua ni mzee anayetunza hesabu za shule yetu. Aliniomba daftari ambalo mkopeshaji aliniandikia malipo, akalifungua juu ya meza yake na kupitisha kidole kwenye safu ya riba.

"Mwalimu, tazama hapa," alisema. "Mwezi wa kwanza ulilipa riba 90,000, na mwezi wa kumi na mbili utalipa 90,000 zile zile. Mwezi huo wa mwisho utakuwa umebakiwa na deni la shilingi ngapi?"

Kila awamu yangu ilikuwa shilingi 340,000, yaani 250,000 za kupunguza mtaji na 90,000 za riba. Kwa hiyo mwezi wa mwisho ningekuwa nadaiwa mtaji wa 250,000 tu, huku nikilipa riba ya 90,000 juu yake, ambayo ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja. Riba ya namna hii hukokotolewa kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, hata kama umekwisha kurudisha sehemu kubwa. Ukitafuta kiwango chake halisi kwa deni linalopungua, ile asilimia 3 niliyotajiwa inakaribia 5 kwa mwezi. Ndiyo sababu ninawasihi wanaokopa wasiishie kuuliza riba ni asilimia ngapi, bali waulize pia kama inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye salio.

Hata hivyo, mzee hakuniambia nikimbie kulipa. Aliniuliza swali ambalo naona ndilo linaloamua jambo zima: "Ukienda kumaliza deni leo, watakudai kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nilidhani kulipa mapema kunafuta riba ya miezi iliyobaki, kumbe hilo linategemea mkataba.

Nilipokwenda kuuliza, kijana aliyekuwa mezani alinijibu kwamba nizidishe awamu nane kwa 340,000, jumla 2,720,000. Hapo ningekuwa ninalipa riba ya miezi ambayo fedha zao sitakuwa nazo, nami sikukubali kabla ya kuona maandishi. Nilimwomba nakala ya mkataba tukausoma pamoja, na kifungu cha kulipa kabla ya wakati kilisema kwamba mkopaji atalipa mtaji uliobaki pamoja na riba ya mwezi mmoja. Mtaji uliobaki ulikuwa 2,000,000, na ukiongeza 90,000 unapata 2,090,000. Tofauti kati ya madai yake ya kwanza na mkataba ilikuwa shilingi 630,000.

Sasa niliweza kupima njia mbili kwa miezi nane iliyokuwa mbele. Tuchukue kwamba bili ya siku 364 inalipa asilimia 15, ingawa kiwango hubadilika mnada hadi mnada. Kodi ya zuio ya asilimia 20 hukatwa kwenye faida, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni kama asilimia 12 kwa mwaka. Shilingi 2,090,000 kwa miezi nane zingeniletea takriban 167,000, na Agosti ningekuwa na kama 2,257,000 bila deni. Nikilipa deni kwanza, ile 340,000 ya kila mwezi inabaki kwangu, na nikiiweka pembeni kila mshahara unapoingia, miezi nane inatoa 2,720,000 kabla ya kuhesabu faida yoyote. Njia ya pili inazidi kwa zaidi ya 460,000.

Njia hiyo ina sharti moja, nami nilionja ugumu wake: ile 340,000 lazima iwekwe kweli. Nilijiandikisha katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, nikawa ninatuma fedha siku ile ile ambayo zamani nililipa awamu. Mwezi wa Februari karo ya watoto ilinibana nikatuma 200,000 tu. Bado nilikuwa mbele, lakini asiyeweza kujikata mwenyewe namna hii ajue kwamba faida ya kumaliza deni itaishia sokoni. Zile 210,000 zilizobaki kwenye mgao sikuzigusa, kwa sababu ugonjwa wa wiki moja ungenirudisha kwa mkopeshaji yule yule.

Wifi yangu alikuwa na mkopo unaofanana na wangu, ila mkataba wake ulisema wazi kwamba anayelipa mapema analipa riba yote ya muda uliokubaliwa. Kwake nilishauri kinyume kabisa. Ikiwa kulipa leo hakumpunguzii hata shilingi moja, basi hana sababu ya kuharakisha, na ni heri fedha zikae kwenye mfuko ambao anaweza kutoa kidogo kila awamu inapofika. Bili za hazina hazikumfaa, kwa kuwa fedha hufungwa hadi siku ya kuiva, na kuiuza kabla ya hapo hupunguza faida.

Mkopo wa SAKOS wa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio ni jambo jingine. Huo ni asilimia 12 kwa mwaka, karibu sawa na bili baada ya kodi, na hapo anayeendelea kulipa taratibu huku akiwekeza hapotezi kitu cha maana. Mimi binafsi ningelipa, kwa sababu deni ni la hakika na faida ya mnada ujao haijulikani.

Siku niliyolipa zile 2,090,000 sikuondoka mezani na risiti peke yake. Nilidai barua yenye muhuri inayosema kwamba deni limekwisha, na mkataba wangu wa kiwanja ule ule wa asili, si nakala. Walisema meneja yuko safarini, nirudi Jumatatu. Niliketi kwenye benchi hadi saa kumi jioni, meneja akapigiwa simu, kabati likafunguliwa.