Magamba meupe kwenye birika na bomba: majibu kwa watumiaji wa maji ya visima vya Pwani

Maji ya kisima chetu ni safi kabisa kwa macho, lakini birika la umeme tulilonunua mwaka huu limeshika gamba jeupe gumu ndani. Linatoka wapi, na je, lina madhara tukinywa? (Msomaji, Mombasa)

Sehemu kubwa ya visima vya Pwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni jiwe la chokaa. Maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua gesi ya kabonidayoksaidi, yakawa asidi hafifu sana, na asidi hiyo huyeyusha jiwe kidogo kidogo hadi chokaa ikawamo ndani ya maji bila kuonekana. Unapoyachemsha, gesi hutoka, chokaa hukosa kinachoiweka katika hali ya kuyeyuka, nayo hurudi kuwa jiwe pale penye joto kali zaidi, yaani kwenye koili au sahani ya chini ya birika.

Tuseme maji yenu yana miligramu 300 za chokaa ya aina hiyo kwa lita moja, na mnachemsha lita 3 kwa siku. Kinachoweza kubaki hakizidi gramu 0.9 kwa siku, lakini kwa mwezi hiyo hufikia gramu 27. Kwa kawaida hushika pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu ya chokaa huelea kama unga na kumwagika pamoja na maji ya chai. Unga huo si sumu, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa iliyoyeyuka humo, kwa sababu za afya. Anayeumia ni birika, kwa kuwa gamba huzuia joto la koili lisifike kwenye maji, na koili iliyofunikwa hupata moto kupita kiasi hadi ikaungua. Ndivyo zinavyokufa hita nyingi za maji ya kuogea.

Jirani amenishauri nimimine siki pamoja na baking soda. Nitumie kiasi gani? (Mama wa nyumbani, Unguja)

Dada yangu, usivichanganye. Povu lile linapendeza kulitazama, lakini ni asidi ya siki ikimalizwa na soda, na ikishamalizwa hakuna kinachobaki cha kuyeyusha gamba. Soda iweke kando kabisa.

Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asilimia 5 hivi, na mililita 100 zake haziwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 4 za gamba. Kwa hiyo birika lenye gramu 27 nilizozitaja hapo juu lingehitaji karibu mililita 700, na ndiyo sababu wengi humimina kikombe kimoja, wakaona nusu ya gamba imebaki, wakasema siki haifai. Mimi napendelea asidi ya sitriki, unga mweupe unaopatikana katika maduka yenye vifaa vya kuokea mikate na keki. Gramu 30, ambazo ni vijiko viwili vya mezani hivi, huyeyusha takriban gramu 23 za gamba na haziachi harufu.

Tia maji nusu lita au yatakayotosha kufunika gamba, yapashe moto hadi yawe vuguvugu, uchomoe birika kwenye umeme, kisha utie unga. Usiyachemshe, kwa sababu asidi hii ikiwa na chokaa nyingi katika moto mkali huweza kuacha tabaka jingine jeupe ambalo ni gumu kuliondoa. Utaona viputo vikipanda. Acha nusu saa, tikisa, mwaga, suuza, halafu chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga kabla ya kupika chai. Viputo vikikoma na gamba bado lipo, asidi ndiyo iliyokwisha, basi mwaga na uanze na nyingine. Lakini kama asidi mpya haitoi kiputo hata kimoja, tabaka hilo si chokaa ya kawaida, na kuongeza asidi hakutasaidia.

Ndimu pia hufanya kazi, ila ili upate gramu 30 za asidi utahitaji juisi ya ndimu 20 hivi. Sufuria ya alumini usiiache na asidi kwa muda mrefu, maana asidi huila alumini yenyewe. Na kamwe asidi yoyote, hata siki, isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu hutoka gesi inayounguza mapafu.

Bomba la bafuni linatoa maji kwa kurusha pembeni, na mdomo wake umeganda weupe. Nikwangue kwa kisu? (Msomaji, Kigamboni)

Kisu na steelwaya zitakwangua nikeli inayong'aa, na kutu itaingia hapo. Kwanza jaribu maji matupu: weupe unaoyeyuka kwa maji ni chumvi iliyokauka, na usioyeyuka mpaka upate siki ni chokaa. Kumbuka jibu utakalopata, kwa sababu nitalihitaji katika swali linalofuata.

Kama ni chokaa, fungua kichujio kidogo cha mdomoni kwa mkono au kwa koleo lililofungwa kitambaa, ukiloweke katika siki kwa saa moja, kisha ukisugue kwa mswaki wa zamani. Mwili wa bomba ufunge kitambaa kilicholowa siki kwa dakika 20 tu, suuza na kukausha. Siki isidondokee terazo au marumaru, kwani nazo zina chokaa na zitapoteza mng'ao.

Tunataka kuweka mtambo wa kulainisha maji ya nyumba nzima, ingawa maji yana ladha ya chumvi kidogo. Utasaidia? (Msomaji, Bagamoyo)

Ndugu, ladha hiyo, kama ule weupe wa bombani unaoyeyuka kwa maji matupu, ni dalili ya chumvi, nayo ndiyo inayonifanya nikuombe usilipe kwanza. Mtambo huu una chembe za resini zinazoshika kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo ugumu wa maji, na kuachia sodiamu badala yake. Hauondoi chumvi hata chembe. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 hutoka yakiwa yameongezewa takriban miligramu 138 za sodiamu kwa lita, na kisima ambacho tayari kimeingiwa na maji ya bahari kitazidi kuwa kibaya kwa kunywa na kwa bustani. Chumvi huondolewa na mtambo unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando, ambao hutupa sehemu ya maji na hugharimu zaidi. Kwa hiyo pima maji maabara kwanza, na uombe vipimo viwili: ugumu, na kloridi, ambayo huonyesha wingi wa chumvi.

Ikiwa kloridi ni ndogo, hesabu yako ni hii. Resini lita 10 hushika takriban gramu 500 za ugumu, yaani hulainisha lita 1,600 hivi za maji yenye ugumu huo wa miligramu 300. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku itauosha mtambo kwa maji ya chumvi kila siku ya tatu, kwa kilo moja ya chumvi au zaidi kidogo. Mimi ningemwambia fundi bomba alainishe mstari wa hita na mashine ya kufulia pekee, na bomba la jikoni na la bustani yabaki na maji ya kisima.

Na sumaku za kufunga kwenye bomba ili kuzuia gamba, je, zinafaa? (Msomaji, Tanga)

Majaribio yake yametoa matokeo yanayopingana, na haziondoi kalsiamu majini. Fedha hiyo nunua mabati ya mfereji na tangi la mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe, hivyo yakichemshwa hayaachi gamba.