Namba shufwa zimekuwaje sawa na namba nzima zote?

*Assalaam aleikum, mwalimu. Niko kidato cha tano, Wete. Skuli tumeambiwa kuwa namba nzima na namba shufwa zina idadi sawa. Mimi sikubali. Nikioanisha 2 na 2, 4 na 4, 6 na 6, kila shufwa inapata mwenzake na witiri zote zinabaki. Sasa usawa uko wapi? Au kila kisicho na mwisho ni sawa na kingine?*

Waalaykum salaam, mwanangu. Ulichokiona ni kweli: ukiipa kila shufwa ile namba iliyo sawa nayo, witiri zinabaki. Ulipokwenda kombo ni hatua iliyofuata, pale uliposema kwamba kwa kuwa mpango huu umeacha masalio, basi idadi hazilingani. Hatua hiyo umeizoea kwa vitu vyenye mwisho, na huko haikudanganyi hata siku moja. Tuitazame huko kwanza.

Nyumba ina shughuli. Vikombe vimeazimwa kwa jirani mmoja, visahani kwa mwengine, na bibi anayesimamia jikoni anataka kujua kama vinalingana. Hana haja ya kuhesabu. Anaweka kila kikombe juu ya kisahani chake. Vikimalizika pamoja vinalingana, hata kama hajui ni ishirini au sitini. Kikibaki kikombe kimoja, avipangue na kuvipanga upya atakavyo, mwisho wake kitabaki kikombe kimoja, ingawa huenda kisiwe kile cha mwanzo. Hapa pana mambo mawili. Kwanza, usawa umejulikana kwa kuoanisha, bila ya kutaja namba yoyote. Pili, mpango mmoja umetosha kutoa hukumu, kwa sababu kila mpango utatoa jibu lile lile. Jambo la kwanza tunaweza kwenda nalo kwenye vitu visivyo na mwisho. La pili haliendi, na ndilo ulilolibeba.

Ijaribu mwenyewe kanuni yako. Chukua namba nzima, yaani 0, 1, 2, 3 na kuendelea, uzioanishe na namba nzima hizo hizo kwa kuipa kila moja ile inayoifuata: 0 na 1, 1 na 2, 2 na 3. Upande wa kushoto hakuna iliyokosa. Upande wa kulia, 0 imebaki peke yake. Kwa kanuni yako namba nzima ni chache kuliko namba nzima. Sasa jaribu tena, safari hii kila namba nzima uipe ile inayopatikana ukiizidisha kwa 4: 0 na 0, 1 na 4, 2 na 8, 3 na 12. Kila namba nzima imepata shufwa, na shufwa 2, 6, 10, 14 na wenzao wamebaki. Kwa kanuni ile ile, shufwa zimekuwa nyingi kuliko namba nzima. Wewe ulipata ni chache. Kipimo kinachotoa majibu mawili yanayopingana juu ya kitu kimoja hakifai kuwa kipimo.

Kwa hiyo katika seti zisizo na ukomo hatuulizi kama mpango fulani umeacha masalio. Tunauliza kama upo japo mpango mmoja usioacha masalio upande wowote. Ukiwepo, seti mbili zina idadi sawa, na mipango mingine yote iliyoshindwa haibadilishi kitu. Mpango tunaoutafuta ni huu:

```
0   1   2   3   4    5   ...
0   2   4   6   8   10   ...
```

Kila namba nzima n inapewa 2n. Usitosheke kwa kuangalia safu zilivyokaa vizuri, kwa sababu zile nukta tatu zinaweza kuficha mengi. Hakikisha mambo mawili. La kwanza: namba mbili tofauti haziwezi kugombania shufwa moja, kwa kuwa kama 2a ni sawa na 2b, ukigawa kwa 2 pande zote utapata a ni sawa na b. La pili: hakuna shufwa inayokosa mwenza. Nitajie yoyote. Ukisema 1964, mwenzake ni 982. Ukitaja yenye tarakimu mia, igawe kwa 2. Kwa kuwa ni shufwa itagawika bila ya baki, na jibu ni namba nzima iliyokwishapangwa kukutana nayo. Uthibitisho umekamilika hapo. Hatukulazimika kuufikia mwisho wa safu, kwa sababu hoja zote mbili zinashika kwa kila n kwa mkupuo mmoja.

Najua bado kuna kitu kinakukera, nacho ni ile imani ya zamani kwamba kizima lazima kizidi sehemu yake. Galileo alikutana na ugumu huo huo. Katika kitabu chake cha 1638 alioanisha namba na miraba yake, 1 na 1, 2 na 4, 3 na 9, akaona hakuna inayobaki, ilhali namba nyingi si miraba. Akahitimisha kwamba maneno sawa, zaidi na pungufu hayatumiki kwa visivyo na ukomo. Ulikuwa uamuzi wa tahadhari. Georg Cantor, katika karne ya 19, akachukua njia nyengine: akashika kuoanisha kuwa ndiyo maana ya idadi sawa, akaiacha ile imani ya kizima na sehemu. Zote mbili huwezi kuzishika pamoja, lazima uchague. Richard Dedekind, mwaka 1888, alikwenda mbele zaidi akaifanya hali hii kuwa maana yenyewe ya seti isiyo na ukomo: ni seti inayoweza kuoanishwa na sehemu yake, kizima kikiwa bado na ziada. Kwa hiyo hicho ulichokiona kuwa kasoro ndicho kitambulisho chake.

Na ile nusu uliyoizoea haikupotea. Kati ya 0 na 99 kuna namba nzima 100 na shufwa 50. Nenda mpaka 999, utakuta 1000 na 500. Popote utakapokata, shufwa ni nusu au karibu sana na nusu. Hilo ni kweli, lakini linajibu swali la namna shufwa zilivyotawanyika kwenye mstari wa namba, na jibu hilo linategemea mpangilio tuliouzoea wa kwenda toka ndogo hadi kubwa. Idadi haitegemei mpangilio. Mtu akikwambia shufwa ni nusu, muulize anazungumzia mtawanyiko au idadi, na ubishani mwingi utaisha hapo.

Sasa, kuhesabu kitu kisicho na mwisho maana yake nini, ikiwa hakuna atakayemaliza? Maana yake si kumaliza. Maana yake ni kuvipanga vitu foleni ili kila kimoja kiwe na nafasi yake inayojulikana, na nafasi hiyo iwe namba ya kawaida. Foleni yenyewe haina mwisho, lakini hakuna aliye ndani yake anayesubiri milele. Tazama namba kamili, pamoja na zile za hasi. Ukianza na 0, 1, 2, 3 ukikusudia kuzimaliza chanya kwanza halafu uingie kwenye hasi, -1 haitapata zamu abadani. Wanafunzi wengi hukwama hapo, wakasema namba hizi haziwezekani kuhesabiwa. Kosa ni la upangaji. Zichanganye hivi:

```
nafasi:  0   1   2   3   4   5   6  ...
namba:   0   1  -1   2  -2   3  -3  ...
```

Hapa -1 iko nafasi ya 2, na -50 iko nafasi ya 100. Kila hasi -n iko nafasi ya 2n, na kila chanya n iko nafasi ya 2n - 1. Zote zimepata zamu. Hata sehemu, kama 1/2 na 3/7, zinapangika, ingawa kati ya sehemu mbili zozote kuna nyengine zisizo na mwisho. Zipange kwa jumla ya kiasi na asili: kwanza yenye jumla 2, yaani 1/1, kisha zenye jumla 3, yaani 1/2 na 2/1, kisha zenye jumla 4, ukiiruka 2/2 kwa kuwa ilikwishapita kama 1/1. Kila kundi lina mwisho, kwa hiyo 3/7, iliyo kwenye kundi la 10, itafikiwa.

Ukifika hapa utashawishika kuitikia ndiyo kwa swali lako la pili. Jibu ni hapana, na uthibitisho wake, ambao Cantor aliutoa mwaka 1891, unahusu pale pale ulipoanzia wewe. Chukua desimali zote kati ya 0 na 1, zikiwemo zinazoendelea bila ya kikomo. Aje mtu na foleni yake, yoyote aitakayo, adai kwamba zote zimo. Tuseme inaanza hivi:

```
0.3184...
0.5402...
0.0447...
```

Tunatengeneza desimali mpya. Tarakimu yake ya kwanza tunaitazama kwenye ya kwanza ya foleni, ya pili kwenye ya pili, ya tatu kwenye ya tatu. Tukikuta 4 tunaandika 5. Tukikuta nyengine yoyote tunaandika 4. Hapa tunakuta 3, 4 na 4, kwa hiyo mpya yetu inaanza 0.455. Haiwezi kuwa ya kwanza katika foleni, wanatofautiana tarakimu ya kwanza. Haiwezi kuwa ya pili, wanatofautiana ya pili. Na ukiuliza kama iko nafasi ya milioni, wanatofautiana tarakimu ya milioni. Tumetumia 4 na 5 makusudi, tukaepuka 0 na 9, kwa sababu desimali kama 0.4999... na 0.5 ni namba moja iliyoandikwa kwa sura mbili. Yenye 4 na 5 peke yake haina sura ya pili ya kujificha.

Utaniambia: basi hiyo mpya tuiingize mwanzo wa foleni. Iingize. Umepata foleni nyengine, na kazi ile ile ikifanywa juu yake itatoa desimali nyengine isiyomo. Mpango wako wa 2 na 2, 4 na 4 ulishindwa peke yake, na mwengine ukafaulu. Hapa hatukuonyesha kwamba foleni moja imeshindwa. Tumeonyesha kwamba kila foleni, hata ile ambayo hakuna aliyekwisha kuifikiria, inaacha desimali nje. Ndiyo maana tunasema desimali ni nyingi kuliko namba nzima, na shufwa si chache kuliko namba nzima.