Mshale wa maji kwenye mchoro wa kiwanja: uelezwe vipi kwenye barua ya manispaa?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Kila mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa barabara unafurika na maji yanaingia uani kwangu hadi kwenye shimo la choo. Manispaa wameniambia niandike barua niambatishe mchoro. Nimechora mishale, lakini afisa aliniuliza, "Huu mshale una maana gani?" nikashindwa kumjibu. Niandikeje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Afisa anayepokea barua yako hajafika kwako, na siku atakayofika huenda kukawa kukavu. Mshale peke yake unamwambia tu kwamba wewe unaamini maji yanakwenda huko. Utakuwa na uzito ukiupa namba, kisha ukaandika kwenye barua usawa wa ardhi unakoanzia na unakoishia.

Kwa hiyo anza na vipimo. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule mafundi wanaotumia kupata levo, na ukipe kizingiti cha mlango wako usawa wa mita 10.00. Sehemu nyingine zote zipimwe kutokea hapo. Hakikisha mpira hauna povu la hewa ndani, maana povu linadanganya, na subiri maji yatulie kabla ya kusoma. Ukimaliza, rudi upime kizingiti tena. Ukikuta tofauti imezidi sentimita moja, rudia kazi yote.

Nitumie mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 25, mtaro ukipita upande wa kaskazini kutoka magharibi kwenda mashariki. Sakafu ya mtaro kwenye kona ya magharibi ni 9.34, na kwenye kona ya mashariki ni 9.28. Hadi hapo maji yanateremka vizuri. Baada ya kona hiyo kuna bomba la inchi sita lililolazwa chini ya geti la jirani, na sehemu ya chini ya mdomo wake iko 9.42. Maji lazima yajikusanye sentimita 14 ndipo yaanze kupita. Mvua ikizidi, bomba linajaa, maji yanapanda hadi ukingo wa mtaro ulio 9.60, kisha yanamwagikia uani penye 9.55. Mfuniko wa shimo la choo uko papo hapo.

Kwenye barua, chini ya YAH:, maelezo yawe hivi:

"Mshale Na. 1, wa mstari mzima, unaonyesha maji yanavyotiririka mtaroni sasa, kutoka 9.34 hadi 9.28. Alama ya X ni mdomo wa bomba, 9.42, ambao uko juu ya sakafu ya mtaro kwa sentimita 14. Mshale Na. 2, wa mistari miwili, ni mahali maji yanapovuka ukingo, 9.60, kuingia kiwanjani. Duara lenye herufi S ni shimo la choo. Mshale Na. 3, wa nukta nukta, ni ombi langu: bomba lishushwe lilingane na sakafu ya mtaro, na ukubwa wake upangwe na mhandisi."

Usichanganye maji yanavyokwenda sasa na unavyotaka yaende. Michoro mingi niliyoiona ilikwama hapo: msomaji anadhani mtaro unaoombwa tayari upo. Wala usitegemee rangi kuvitenganisha, kwani barua itatolewa fotokopi nyeusi, na mshale mwekundu na wa bluu vitafanana kabisa. Tumia aina za mistari kama nilivyofanya hapo juu. Mshale wa kaskazini nao uweke pembeni ndani ya duara lenye herufi K, usije ukasomwa kuwa ni maji.

Kila mshale ufike mwisho wake. Ukiukatisha kwenye mpaka wa kiwanja, mhandisi atauliza maji yanaishia wapi, na jirani wa chini atakuwa na haki ya kulalamika. Tembea ufuate mtaro hadi kwenye kalavati au korongo linalopokea maji, ulionyeshe hata kama liko nje ya kipimo cha mchoro.

Mipaka na bikoni zichukue kwenye ramani ya hati yako, usizikadirie. Kwa kiwanja hiki, kipimo cha 1:200 kinatosha vizuri kwenye karatasi ya A4. Kama umechora kwa mkono tu, andika wazi "Si kwa kipimo". Ambatisha picha ya mdomo wa bomba ukiwa umesimamisha rula kutoka sakafu ya mtaro, ili zile sentimita 14 zisomeke.

Barua ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ipitie ofisi ya serikali ya mtaa igongwe muhuri. Kama barabara yenu iko chini ya TARURA, nao wapelekee nakala yenye mchoro uleule, kwa sababu mtaro huo ni sehemu ya barabara. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.