Jina la kahawa ya Machame: lisomwe Hamburg, lisikike Tokyo

Kabla hamjalipenda jina, mpeni mtu wa mbali alisome. Hivyo ndivyo ninavyowaanzishia wakulima wanaokuja kwangu hapa Moshi wakitafuta jina la kahawa ya kuuza nje. Karibu wote hufika na jina la kijiji chao, na nia yao naiheshimu sana, kwa sababu mnunuzi wa kahawa nzuri anataka kujua imetoka mlima gani, upande gani.

Lakini fikiria safari ya jina lenyewe. Kahawa mbichi inaondoka kwenye magunia ya kilo 60, na huko inakofika mkaangaji ana chapa yake tayari. Jina lako litakaa chini ya lake, kama jina la mzigo. Karani wa ghala ataliandika kwenye orodha, muuzaji atalitaja kwa mteja dukani. Mmoja wao akikwama, ataacha jina lako na kuandika “Tanzania AA”, basi. Kazi yenu yote ya kuchuma cherii nyekundu tupu haitajulikana ni ya nani.

Kikundi kimoja cha Nronga, kule Machame, kilitaka kahawa iitwe Nronga. Tulilipima jina kwa njia mbili. Kwanza tulimtumia mnunuzi wa Ujerumani jina kwa maandishi tu, bila kumweleza linavyotamkwa, tukamwomba alisome na kuturudishia sauti kwa wasapu. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaliona popote, tukamtumia sauti yetu aandike alichosikia. Lazima wawe watu wawili tofauti, maana aliyekwisha kuliona ataandika anachokumbuka. Wa kwanza alisoma “Enronga”. Wa pili akaandika “Ronga”. Hapo ujue mteja akilitafuta jina mtandaoni hatawapata.

Tatizo ni N na R kukutana mwanzoni. Mb, Nd na Ng' zinasumbua vilevile, na kile kikoma cha Ng' hupotea kwenye anwani ya tovuti na mara nyingi hata kwenye chapa ya gunia.

Wazee wakapendekeza Machame, jina kubwa na la heshima. Hapo shida ni “ch”: Mwitaliano ataisoma “Makame”, Mfaransa ataifanya “sh”, Mjerumani ataitoa kooni. J nayo Mjerumani huisoma kama Y yetu. Mmoja akauliza kwa nini tusichukue Marangu, jina jepesi kila mahali. Ni kweli, ila Marangu iko upande wa pili, Vunjo. Jina la asili lisipokuwa la kweli, mnunuzi akija shambani anapoteza imani yake yote kwenu.

Tukaishia kwenye mto: Kikafu, unaoshuka kutoka mlimani kupitia Machame. Silabi tatu, kila konsonanti na vokali yake. Mjapani hulisoma bila shida, kwa sababu lugha yake nayo hupenda silabi za namna hiyo. Mfaransa ataipinda ile “u” ya mwisho, lakini ataandika vilevile, na hilo linatosha. Tuliwauliza pia kama lina maana mbaya kwao. Usiliruke swali hili: Rau, jina zuri kabisa kwetu hapa Moshi, kwa Kijerumani ni kitu cha kukwaruza, na huwezi kuiuza kahawa hivyo.

Nronga haikutupwa. Kwenye lebo, chini ya Kikafu, kuna mstari mdogo: Nronga, Machame, Kilimanjaro, Tanzania. Anayetaka kujua asili anaipata yote hapo, na asiyeweza kutamka Nronga hana haja ya kuitamka ili aagize tena.

Kuna watakaosema Yirgacheffe ya Ethiopia ni ngumu na inauzwa dunia nzima. Ndiyo, lakini lile ni eneo zima, lenye mizigo mingi kila msimu na wanunuzi waliojifunza jina kwa miaka mingi. Kikundi chenye magunia machache hakina muda huo.

Jina likipita, nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ukaliombee usajili wa alama ya biashara, kundi la 30, ambalo ndilo la kahawa na chai. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Ombeni jina pamoja na mchoro wenu, kwa sababu jina la mahali likiwa peke yake huleta pingamizi. Kilimanjaro tupu msitegemee kuimiliki. Na cheti cha hapa hakiwalindi Ujerumani wala Japani. Kule kuna ombi lake na ada yake, kwa hiyo anzeni na nchi moja, ile yenye mnunuzi wa uhakika, na mlipeleke ombi kabla ya sampuli, mtu mwingine asije akalisajili kwa jina lake.